Picha ya Kabla

Scholastika Kobelo alikuwa na sheria moja isiyokuwa na msamaha: picha ya kwanza hupigwa kabla. Kabla hujaingia sokoni, kabla kidole hakijagusa kitufe cha kununua au kuuza, unapiga picha ya skrini ya chati jinsi ilivyo, unaipa lebo, unaandika sentensi moja ya kueleza kwa nini unaingia, ndipo unaingia. Ukitoka, umepata au umeliwa, unapiga picha ya pili. Mtu anayepiga picha moja tu, tena baada ya kushinda, Scholastika alimwita mpiga picha wa harusi, na hakuwa anatania.

Alikuwa karani wa usajili katika chuo kimoja mjini Morogoro, mama wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Mgeta, mfupi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mwanafunzi aliyeleta fomu bila picha za pasipoti alirudishwa kwa maneno aliyoyakumbuka mpaka mahafali. Wenzake ofisini walikuwa wameshazoea. Wakisikia mlango wake unabamizwa waliinamia kompyuta zao, wakasubiri mvua ipite. Hasira zake hazikuwa za chuki. Alichukia uzembe, alichukia uongo, alichukia mtu kusema "nilisahau", na kwa kuwa dunia imejaa hayo matatu, alikuwa na kazi nyingi.

Hata biashara ya fedha za kigeni aliijua kwa njia ya hasira. Alikuja kijana kutoka Dar, suti inametameta, akakodi ukumbi wa gesti moja karibu na Msamvu, akafundisha watu nusu siku jinsi ya kutajirika kwa simu. Scholastika alilipa kiingilio, akaweka akiba yake kidogo kwenye akaunti, na kabla mwezi haujaandama tena akiba ilikuwa imekwisha. Mtu mwingine angelia, au angeapa kutorudi tena. Yeye alitaka kujua imepotea vipi hasa, kama mwenye kuku anayezunguka uzio kutafuta tundu alilopitia mwizi. Akaanza kusoma usiku na mchana, na kote alikosoma alikuta jambo lilelile ambalo kijana wa suti hakuwahi kulitaja: waliodumu katika kazi hii huweka kumbukumbu ya kila wanachofanya, wakairudia kila wiki.

Siku aliyokwenda pale gesti kudai fedha yake, alimkuta mwenzake wa msiba amesimama mlangoni, anapiga namba ambayo haikuwa hewani. Huyo alikuwa Twalibu Kibwana, kijana mpole wa Mazimbu mwenye duka la steshenari karibu na geti la chuo, mtu wa kutoa fotokopi na kufunga tasnifu za wanafunzi. Scholastika alimtazama, akaona mtu aliyeliwa kama yeye, akamwambia, "Wewe mdogo wangu, utalia au utajifunza?" Twalibu akasema atajifunza. Hakujua alikuwa anakubali kitu gani.

Tangu hapo, kila Jumamosi alasiri, Twalibu akishateremsha nusu ya mlango wa duka, walikaa nyuma ya mashine ya fotokopi na kompyuta moja na chupa ya chai. Hayo ndiyo waliyoyaita mapitio. Daftari lao lilikuwa jedwali kwenye kompyuta: tarehe, lebo, sentensi ya sababu, kiasi kilichohatarishwa, picha ya kabla, picha ya baada, matokeo. Matokeo hayakuandikwa kwa shilingi. Yaliandikwa kwa vipande: ukihatarisha kiasi fulani ukakipoteza, umetoka hasi moja, ukapata mara mbili yake, umetoka chanya mbili. Hivyo aliyecheza na kidogo na aliyecheza na kikubwa waliweza kulinganishwa bila kutambiana. Kila mmoja alisoma ya mwenzake, siyo yake mwenyewe. Mwishoni walichambua kwa lebo, wakajumlisha, wakachagua kosa moja tu la kurekebisha wiki inayofuata, wakaliandika juu kabisa ya ukurasa mpya.

Lebo zilikuwa chache. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Rudi Mlangoni. Usiku, bei ya pauni dhidi ya dola hujibana kwenye kachumba, inapanda kidogo, inashuka kidogo. London ikifungua, saa nne asubuhi ya kwetu, au saa tano miezi ambayo Waingereza wamerudisha saa zao nyuma, bei mara nyingi hutoboa upande mmoja na kutoka. Wengi huivamia hapohapo. Rudi Mlangoni ilitaka subira: bei itoke, irudi kugusa pale ilipotobolea, ndio mlango wenyewe, mshumaa, kile kijiti cha chati kinachochora mwendo wa bei wa dakika chache, ufunge bila kuingia tena ndani ya kachumba, ndipo uingie. Stopu, yaani bei inayokutoa kwa hasara ndogo ukikosea, inakaa ng'ambo kidogo ya mlango, lengo linakaa mara mbili ya umbali huo. Lebo ya mwisho kwenye orodha ilikuwa Pupa. Hiyo ilikuwa ya kuingia bila mtindo wowote, kwa sababu mkono uliwasha.

Na Pupa ndiyo iliyokuwa ikimpandisha Scholastika mori.

"Hii ni nini?" alikuwa akiuliza, kidole kikigonga skrini. "Twalibu, hii ni nini?"

"Niliona kama inapanda, dada."

"Uliona kama! Sababu uliyoandika hapa ni 'inapanda'. Hata mbuzi anaona inapanda! Mlango uko wapi? Umeingia juu kule, stopu umeweka kwa bahati nasibu, halafu unakuja kuniambia umeona. Mimi nimeacha nguo kwenye ndoo nyumbani nije kusoma upuuzi huu?"

Twalibu aliinamisha kichwa, akachezea kifuniko cha stepla. Wanafunzi waliokuwa wamechungulia ndani kutaka karatasi walighairi, wakaenda duka la pili. Scholastika aliona kichwa kilichoinama akakiita nidhamu, akazidi kusema. Alikuwa na imani kwamba anamjenga.

Na kweli, Twalibu alijengeka. Miezi ilivyokwenda, Pupa zilipungua kwenye ukurasa wake, kisha zikawa adimu, kisha zikaisha. Rudi Mlangoni zikaongezeka, picha safi, sababu zimeandikwa vizuri, matokeo yanapendeza. Scholastika alipozitazama alijisikia mwalimu.

Za kwake mwenyewe hazikupendeza. Rudi Mlangoni za Scholastika zilikuwa chache na kwa jumla zilikuwa hasi kidogo. Sababu aliijua, au alidhani anaijua: ajira. London ilifungua yeye akiwa dirishani kwa wanafunzi. Alikuwa akipiga picha ya kabla akiwa amejificha nyuma ya kabati la mafaili, simu ameishika chini ya kanga ya begani, na mara nyingi bei ilirudi mlangoni wakati mkuu wake mpya, kijana aliyemzidi yeye kwa vyeti na kuzidiwa kwa akili, anamwita kuuliza kitu alichokwishajibiwa jana. Aliporudi nyuma ya kabati, mlango ulikuwa umeshaachwa mbali. Ndipo Scholastika alipoanza kuwaza wazo lililomwia tamu kila siku aliyoitwa: Twalibu yuko dukani, saa nne anakaa mbele ya chati akiwa huru, na tazama anavyopata. Kinachonikwamisha mimi ni hiki kiti.

Wakijumlisha za wote wawili, Rudi Mlangoni ilikuwa chanya, tena chanya ya kueleweka. Aliijumlisha mara nyingi, akapata jibu lilelile. Akaamua kuacha kazi.

Mumewe, Eric, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kihonda, mtu wa maneno machache. Hakumkatalia. Alisema, "Mama Editha, mimi hizo chati sizijui. Nionyeshe kwenye karatasi nione kwamba kitu kinafanya kazi, halafu uache. Ukishaacha hawatakurudisha, na Editha bado ana miaka yake ya shule." Scholastika aliliona hilo ni ombi la haki. Barua ya kuacha kazi aliichapa Ijumaa, akaitia kwenye mkoba, aipeleke Jumatatu. Jumamosi angekwenda kwa Twalibu kuchapisha picha zote za Rudi Mlangoni, za kabla na za baada, moja kwa karatasi moja, apeleke rundo zima nyumbani liwekwe mezani mbele ya mwalimu.

Jumamosi hiyo mawingu yalikuwa yameufunika Uluguru mpaka kiunoni na umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara kadhaa. Dukani kulikuwa na mwanafunzi mmoja anasubiri kufungiwa ripoti. Twalibu alisema mashine ya rangi ina wino mchache, labda wangeahirisha.

"Uchapishe kwa wino uliopo," alisema Scholastika. "Ukiisha nitanunua mwingine."

"Siyo wino tu, dada. Picha za simu zikikuzwa zinaharibika."

"Zikiharibika nitaziona."

Twalibu akabonyeza. Karatasi zikaanza kutoka moja moja, na Scholastika akazipanga mezani, za kwake upande huu, za Twalibu upande ule. Alikuwa hajawahi kuziona kubwa namna hiyo. Kwenye simu chati ni kitu cha kiganja. Kwenye karatasi unaweza kuweka kidole kwenye kila mshumaa. Alichukua ya kabla ya Twalibu, moja nzuri ya wiki chache nyuma, akaitazama kwa raha. Kisha akasogeza karatasi karibu na macho.

Katika programu ya chati waliyotumia kuna mstari mwembamba unaokatiza chati yote kwa mlalo. Huo ndio bei ya dakika ileile. Mshumaa wa mwisho kulia, ule ambao bado unachorwa, hauachani na mstari huo hata siku moja, kwa sababu pale mshumaa ulipofika ndipo bei ilipo. Kwenye karatasi aliyoshika, mshumaa wa mwisho ulikuwa chini, umekaa mlangoni kama unavyotakiwa. Mstari ulikuwa juu kabisa, peke yake, haugusi kitu.

Alichukua nyingine. Mstari juu. Nyingine tena, ya kuuza hii: mshumaa juu, mstari umeshuka chini kabisa. Akazigeukia za kwake, moja baada ya nyingine, na kila moja mstari ulikuwa umeshikana na mshumaa wake wa mwisho. Akarudi upande wa pili. 

Maana yake ilikuwa moja tu. Picha hizo hazikupigwa kabla. Bei ilikwisha kwenda, Twalibu ameona imekwenda wapi, ndipo akaivuta chati nyuma kwa kidole, mishumaa ya ushindi ikatoka nje ya skrini, akapiga picha ya chati inayojifanya haijui kesho yake. Mishumaa aliificha. Mstari wa bei haufichiki hivyo. Ulibaki palepale bei ilipokuwa wakati anapiga.

"Twalibu."

"Naam dada."

"Njoo hapa."

Alikuja. Scholastika aligeuza karatasi imwelekee. Aliweka kidole kwenye mshumaa, akakipandisha polepole mpaka kwenye mstari, akakiacha hapo. Twalibu alitazama, na uso wake ukamjibu kabla hajafungua mdomo.

"Nifungulie historia ya akaunti yako," alisema Scholastika. "Siyo daftari. Historia yenyewe, ile ambayo huwezi kuihariri."

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Fungua!"

Mwanafunzi wa ripoti aliichukua ripoti yake haijafungwa, akatoka. Twalibu akafungua. Yote yalikuwa humo. Zile za pupa hazikuwa zimeisha hata kidogo. Zilijaa humo, za asubuhi, za mchana, nyingine mbili-tatu kwa siku, nyingi nyekundu, rangi ya hasara. Rudi Mlangoni zilizokula stopu zilikuwa humo nazo, na daftari halikuzijua. Nyingine nzuri za kwenye daftari hazikuwa kwenye historia kabisa. Hakuwa ameziingia. Alikuwa ameziona zimekwisha pita, akazipigia picha, akazipa lebo, akazipa na sababu.

Hapo Scholastika alilipuka, na waliokuwa nje barabarani walisikia kila kitu bila malipo. Alimwita muongo. Akamwita mwizi mbaya kuliko yule wa suti, maana yule alichukua fedha akaondoka zake, lakini huyu alikaa naye Jumamosi baada ya Jumamosi, akanywa chai yake, huku anampikia hesabu za uongo. Alisema kuna barua kwenye mkoba wake. Aliitoa akaipiga mezani.

"Jumatatu nilikuwa naacha kazi, unasikia? Kazi! Kwa ajili ya hizi! Mimi najiona mjinga, najiambia Twalibu anaweza kwa sababu yuko huru, mimi siwezi kwa sababu nimefungwa. Kumbe hakuna anayeweza! Mtoto wangu ningemwambia nini? Ungekuja wewe kumlipia ada kwa picha?"

"Sikujua unaacha kazi, dada. Wallahi sikujua."

"Ungejua ungefanya nini?"

 Hapo kikatokea kitu ambacho Scholastika hakuwahi kukiona kwa kijana yule. Kichwa hakikuinama. Kilinyanyuka, na macho yalikuwa mekundu.

"Ningekwambia lini?" alisema. "Niambie, dada, ningekwambia lini? Nilipoleta za kweli ulinifanyaje? Uliniita mbuzi. Mbele ya wateja wangu, kwenye duka langu. Kila Jumamosi asubuhi tumbo linaniuma kwa sababu unakuja. Nikaleta moja iliyonyooka, ukanisifu. Wiki ile nililala vizuri. Basi nikaleta nyingine. Wewe hukutaka kujua nafanya nini sokoni. Ulitaka picha za kukufurahisha, nikakuletea."

"Usinigeuzie kibao!"

"Sikugeuzii. Nimekosa, najua nimekosa. Lakini umeniuliza, nakujibu."

Scholastika aliokota barua, akaokota mkoba, akatoka bila chai na bila karatasi. Alitembea kwa miguu kipande kirefu kwa hasira, akapitwa na bodaboda tatu zilizomwita "mama, twende", akazijibu vibaya zote. Alihesabu kichwani kila alichotakiwa kumwambia yule kijana na hakumwambia, na kila alipofika kwenye lile neno mbuzi aliliruka.

Nyumbani Eric alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi sebuleni. Akamuuliza karatasi ziko wapi. Scholastika akamweleza yote, amesimama, sauti juu, mkoba bado begani: mstari, mshumaa, historia, uongo wa nusu mwaka. Alitoa barua akaichana mbele yake, akasema haiendi popote. Eric alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu nyekundu ikiwa hewani.

"Na wewe za kwako mwenyewe?" aliuliza. "Bila za huyo kijana?"

"Hasi."

"Basi tunashukuru umeona leo."

"Tunashukuru? Baba Editha, mtu amenidanganya miezi yote hiyo, wewe unashukuru? Na ananiambia ati mimi ndiye nimemfundisha kuficha! Mimi!"

Eric alifunika kalamu. "Ile ripoti ya Editha ya muhula uliopita, yenye hesabu mbaya. Nani aliisaini?"

"Ripoti gani?"

"Niliisaini mimi. Unajua kwa nini aliileta kwangu?"

Scholastika hakujua kama kulikuwa na ripoti yenye hesabu mbaya. Ndiyo kwanza anasikia. Alifungua mdomo kumwita Editha, jina likafika kwenye meno, na kutoka chumba cha nyuma alisikia kitanda kikilia na mlango ukisukumwa taratibu mpaka ukafungwa. Mtoto alikuwa amesikia sauti, hakuwa amesikia maneno, na alikuwa anajifungia. Scholastika alibaki amesimama sebuleni na hasira yake yote, hana pa kuiweka. Alimkasirikia Eric kwa kusaini. Alimkasirikia Editha kwa mlango. Jioni ile alipika ugali akaukoroga mpaka mwiko ukapasuka mpini.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida. Saa nne alijibanza nyuma ya kabati lake, akaitoa simu, akaingia sokoni. Mkuu wake alimwita, na safari hii alimjibu vibaya kiasi kwamba aliandikiwa karipio. Alirudi akaingia tena.

Katikati ya wiki Twalibu alimtumia ujumbe mfupi. *Shikamoo dada. Nimeweka historia yote kwenye daftari, na zile ambazo sikuziingia nimeziwekea alama. Jumamosi nitakuwepo. Ukija sawa, usipokuja sawa.* Scholastika aliusoma, akautukana, akaufuta, kisha akajuta kuufuta.

Jumamosi alikwenda. Alijiambia anakwenda kuchukua karatasi zake alizogharamia. Mlango wa duka ulikuwa umeteremshwa nusu. Twalibu alimsalimia, akamwekea kiti, hakumwekea chai kwa sababu hakuwa na hakika kama anakaa. Scholastika akakaa.

"Nasoma za kwangu mwenyewe leo," alisema Twalibu. "Zote. Naomba nifike mwisho."

Alisoma. Kila moja: siku gani, aliingia wapi, lebo ya kweli, matokeo. Pupa, hasi moja. Pupa, hasi moja. Rudi Mlangoni, ya kweli, hasi moja. Pupa, chanya kidogo, alitoka kwa woga. Scholastika alishika ukingo wa meza. Kila baada ya chache alisikia maneno yakimpanda kifuani, mazuri, makali, yenye haki, na aliyameza yakashuka yakimkwaruza. Kwenye moja Twalibu alisita. Kisha akaisoma: Jumatatu moja ya zamani, mara tatu mfululizo, kwa sababu Jumamosi iliyotangulia alikuwa ametukanwa mbele ya watu na alitaka arudi na kitu cha kuonyesha.

"Lebo?" aliuliza Scholastika. Sauti ilimtoka nzito.

"Pupa."

"Endelea."

Walipojumlisha upya, Rudi Mlangoni za wote wawili, zile tu zilizoingiwa kweli, zilikuwa zimekaa karibu na sifuri, upande wa hasi. Haikuwa riziki ya kuachia kazi wala ya kununulia mkate.  

"Sasa za kwako za wiki hii," alisema Twalibu. "Hizo nasoma mimi, kama kawaida."

Scholastika alimsogezea simu. Alikuwa na uhakika nazo. Kila moja ilikuwa na picha ya kabla, na lebo, na sentensi, na mstari umeshikana na mshumaa wake. Twalibu aliifungua ya Jumatatu, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika.

"Hii umeandika Rudi Mlangoni."

"Ndiyo."

"Bei haikurudi, dada. Imetoka, imekwenda moja kwa moja. Umeingia njiani, inakimbia. Na hii ya pili, dakika chache baada ya kula stopu, hata kutoka haijatoka. Bado iko ndani ya kachumba."

Scholastika alivuta simu akatazama.  Alitaka kusema kwamba yule mkuu alimwita, kwamba karipio, kwamba wiki hiyo haikuwa wiki ya kawaida na ni nani aliyeifanya isiwe ya kawaida. Alitazama mlango wa chati yake, akautafuta mshumaa uliorudi kuugusa, na haukuwepo. Sheria yao haikuruhusu kufuta lebo ya zamani. Uliiacha ilivyo, ukaandika mpya kwenye safu ya mapitio. Aliivuta kompyuta kwake, akaandika, akibonyeza kila herufi kama anaitoboa: pupa. Akashuka mstari mmoja, akaandika tena: pupa.

Kisha akakaza mabega, akainamisha kichwa, akasubiri.

Nje pikipiki ilipita. Mashine ya fotokopi ilikuwa ikipoa. Twalibu alimmiminia chai kwenye kikombe, akakisogeza mpaka karibu na mkono wake, akachukua simu.

"Haya, dada," alisema. "Ya Jumanne."